Kikapu cha Wauzaji Watatu

Tarehe tatu Mei, saa nne asubuhi, nilimpoteza mume wangu. Mashine yetu ya kusaga ilimkamata mkono wa kulia ikauvuta mpaka begani, na alikata roho ndani ya bajaji kabla hatujafika hospitali. Nilikuwa nimemlaza mapajani. Unga uliokuwa kwenye nywele zake uliloa damu ukawa kama uji. Hadi leo siwezi kukoroga uji wa ulezi.

Nilisoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo nitaeleza mambo kama yalivyofuatana.

Mashine ilikuwa Katandala, mtaa wetu mjini Sumbawanga, kwenye kibanda cha mabati mbele ya nyumba yetu. Iliendeshwa na mota ya umeme, na kati ya mota na kinu kulikuwa na mikanda miwili ya mpira. Mmoja ulikuwa umechakaa, nyuzi zimetoka pembeni. Asubuhi ile mume wangu aliusikia unateleza, akainama kuutazama bila kuzima. Nyuzi zikashika mkono wa shati. Mimi nilikuwa napima mahindi ya mteja. Nilisikia mlio kama wa mtu anayevunja kuni, kisha nikamsikia yeye. Nilikimbilia swichi. Ni hatua sita kutoka kwenye mizani. Nilipozima, mkanda ulikuwa umeshakatika wenyewe, na ndani ya kinu beringi zilikuwa zimepasuka, nyundo za kupondea nafaka zimepinda na chekeche la kupitishia unga limechanika.

Tulizika. Siku ya tatu, siku ya kuanua tanga, ukoo ulikaa uani kwangu. Katika ukoo wa mume wangu kuna desturi kwamba siku hiyo huteuliwa ndugu wa kuvaa jina la marehemu. Hupewa koti lake, na tangu hapo huitwa kwa jina lile. Hata watoto humwamkia kama walivyomwamkia marehemu. Aliteuliwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu wa kufuatana naye. Walifanana sura, ila shemeji alikuwa mnene wa shingo. Alipovaa koti alitia mkono kwenye mfuko wa ndani, akatoa kitambulisho cha taifa cha marehemu, akakitazama, akakirudisha. Nilimwona. Sikuona ubaya.

Kisha akasema juu ya mashine.

“Kinu kimeua mtu,” alisema. “Tukiuze kabla hakijaua wa pili. Kuna mtu wa Laela anakitaka hata kikiwa kibovu.”

Nilisema kinu ndicho kinachonilisha, na kwamba mume wangu alishaanza kutafuta vipuri. Shemeji akacheka.

“Vipuri vya kwenye simu. Ndoto za marehemu hizo.”

Mzee wa ukoo, baba yao mdogo, alinyoosha mkono, wote tukanyamaza. Alisema: “Tutarudi hapa siku ya arobaini. Tukikuta kinu kinasaga, ni cha mjane na hakuna atakayekigusa. Tukikuta kimelala, kinauzwa. Mmenisikia?” Wote walisikia. Mimi nilipiga magoti nikashukuru.

Ni kweli kwamba vipuri vilikuwa kwenye simu. Mume wangu alizoea kununua vitu kwenye soko la mtandaoni, na simu yake niliachiwa mimi. Nilipoifungua nilikuta kikapu alichokipanga mwenyewe: mikanda miwili ya saizi yetu, beringi mbili, chekeche moja na seti ya nyundo za kinu. Alikuwa hajalipa. Alikuwa akingoja tuuze mahindi. Jina la mpokeaji lilikuwa lake, namba ya simu yake, na mahali pa kupokelea ni ofisi ya vifurushi ya basi moja, stendi ya Sumbawanga. Mjini kwetu mikanda ya saizi ile haikuwepo, na beringi kila duka liliniambia niende Mbeya.

Nikauza mahindi. Nikaenda kwa dada mmoja, wakala wa kutuma na kupokea fedha jirani na kwetu, mwanamke asiye na maneno mengi, akanisaidia kulipia kikapu chote mara moja. Sikubadilisha jina. Niliona kama kumfuta. Soko lile hushika fedha yako mpaka useme umepokea, ndipo linampa muuzaji. Dada wakala alinieleza hilo, nami nikafurahi.

Kosa langu la kwanza lilianzia hapo. Nililipa mara moja, nikadhani nimenunua mzigo mmoja. Kwetu ukienda sokoni na kikapu kimoja unarudi nacho kimoja. Sikuangalia kwamba baada ya kulipa kikapu kiligawanyika kikawa oda tatu, kila moja na namba yake: mikanda kwa muuzaji wa kwanza, beringi kwa wa pili, chekeche na nyundo kwa wa tatu. Watu watatu wasiojuana.

Siku ya nane baada ya kulipa, simu iliita. Mzigo umefika stendi. Nilijifunga kitambaa cha msiba kichwani nikapanda bodaboda. Dirishani alikuwapo karani, kijana mwembamba wa kama miaka ishirini na mitano, mpole. Nilimwambia simu ni ya mume wangu marehemu, akaiona namba inalingana, akanipa pole, akanipa boksi. Nililifungua palepale. Mikanda miwili.

“Na vingine?” nilimuuliza.

“Vingine vipi, mama?”

“Beringi, chekeche na nyundo. Nimelipia vyote pamoja.”

Akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye orodha ya basi la siku ile. “Kwa jina hili kuna kifurushi kimoja tu. Labda wametuma mbalimbali.”

“Nililipa siku moja, kikapu kimoja. Itakuwaje kimoja kifike na vingine vibaki?”

“Sijui, mama. Mimi napokea kinachoshushwa.”

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hasira. Nilikuwa sijalala vizuri kwa majuma matatu. Nilipandisha sauti. Nilisema, na haya ni maneno yangu mwenyewe, “Umeniibia vipuri vya marehemu.”

Nyuma yangu walikuwapo vijana wa bodaboda na wapakia mizigo.

“Kuna nini, mama?” mmoja aliuliza.

“Ameniibia.”

“Oya, huyu anamwibia mjane,” aliwaambia wenzake. “Mshikaji, mbona huna hata aibu? Huoni kitambaa cha msiba?”

“Kaka, sijaiba, daftari hili hapa,” karani alisema.

“Tutolee daftari lako huku nje basi.”

Walimvuta kwa kola kupitia dirishani. Tumbo lake lilikwaruzika kwenye ukingo wa bati. Wa kwanza alimpiga kofi, wa pili ngumi, kisha sikuweza tena kuhesabu. Alianguka kwenye matope ya mafuta, wakampiga mateke ya mbavu na ya uso. Mmoja alikuwa na kofia ngumu ya pikipiki mkononi, akamshushia nayo mdomoni. Nilisikia meno. Mtu mwingine alikuwa anauliza kama kuna petroli. Hapo ndipo nilipopata sauti nikasema muacheni, lakini nilisema kidogo, kama mtu anayeomba maji. Waliomwokoa ni dereva wa basi na tanboi, msaidizi wake, waliotoka na vyuma vya jeki.

Karani aliinuka, akatema damu, akanitazama. Hakunitukana. Niliondoka na boksi langu la mikanda.

Jioni ile dada wakala alishika simu ya mume wangu akanionesha oda tatu. “Tazama. Hii imeandikwa imefika. Hii bado inaandaliwa. Hii imetumwa jana. Vilikuwa havijafika hata Mbeya, dada yangu. Kijana wa watu angekuibia nini?”

Tangu siku hiyo niliogopa stendi. Niliogopa lile dirisha kuliko nilivyoogopa kinu. Nikajiambia vifurushi vikifika watanipigia, nitamtuma mtu.

Siku zikapita, hakuna aliyepiga. Nilikuwa nimeahidi ukoo, na arobaini ilikuwa inakuja. Nikafanya kosa la pili. Nilifungua malalamiko peke yangu, nikayaandika kwenye oda ya mikanda kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu. Niliweka picha ya mikanda, nikaandika kwamba nimepokea hiyo tu, beringi, chekeche na nyundo sijaviona, naomba haki yangu. Baada ya siku mbili lilikuja jibu la muuzaji wa mikanda: “Mimi nauza mikanda. Nimekutumia mikanda na umeipiga picha. Unataka kunidhulumu?” Soko nalo likaandika kwamba oda ile haina bidhaa hizo, malalamiko yamekataliwa.

“Umemshitaki asiyehusika,” alisema dada wakala. “Kila oda ina mwenyewe. Kila moja ina siku zake za kulalamika, zikiisha fedha inaenda kwa muuzaji na hupati tena. Huyu wa mikanda mwandikie umepokea, mmalizane. Kisha tufungue ya beringi peke yake na ya chekeche peke yake.”

“Naweza kuandika maneno yaleyale?”

“Hapana. Huyu hajatuma. Huyu anasema ametuma. Si kesi moja.”

Nilimwandikia muuzaji wa mikanda kwamba nimepokea, mikanda ni mizuri, na nikamwomba radhi. Kisha tukafungua mbili. Kwa wa beringi tuliandika kwamba siku za kutuma zimepita na oda bado inaandaliwa. Yeye alinipigia.

“Mama, subiri wiki mbili, mzigo uko bandarini.”

“Siwezi kusubiri. Nina siku ya arobaini.”

“Arobaini ndiyo nini? Wewe mteja wa aina gani usiye na subira? Ukivunja oda nitakuripoti.”

Nilimwambia aniripoti. Kwenye malalamiko tulichagua kurudishiwa fedha, yeye hakujibu katika siku alizopewa, na fedha ikarudi kwenye simu. Nilimpa dereva wa lori aliyekuwa akienda Mbeya fedha hiyo na karatasi yenye namba za beringi. Alirudi nazo baada ya siku tatu, zimefungwa kwenye gazeti. Kwa hiyo nilikuwa na mikanda, nikawa na beringi. Kilibaki chekeche na nyundo, na bila hivyo kinu ni ngoma tupu ya chuma.

Kwa muuzaji wa tatu tuliandika: sijapokea. Yeye alijibu siku hiyohiyo, bila matusi. Aliandika: “Mama, mzigo ulifika Sumbawanga na umechukuliwa. Nimeomba ofisi ya basi wanipigie picha ya daftari.” Chini yake aliweka picha.

Ilikuwa picha ya ukurasa wa daftari, na kwenye mstari wa nne palikuwa na jina la mume wangu, namba ya kitambulisho chake, na saini. Tarehe ilikuwa siku mbili baada ya ile siku ya stendi. Mume wangu alikuwa kaburini wiki tatu.

Dada wakala alijivuta nyuma kwenye kiti. Mimi sikushtuka kama yeye. Nilikuwa najua ni nani anayeitwa jina hilo.

Nilikwenda stendi. Kwa mguu, ili nichelewe. Karani alikuwapo, mdomo umeshonwa, meno mawili ya mbele hayapo. Aliponiona alisimama, akatazama kulia na kushoto kama kuna vijana. Nilipiga magoti mbele ya dirisha, mimi mwenye umri wa kumzaa, nikamwomba msamaha. Wapakia mizigo waliangalia pembeni.

“Inuka, mama,” alisema. Maneno yalimtoka na mate. “Unataka daftari?”

Alinifungulia. Siku ile yeye alikuwa hospitali, zamu ilikuwa ya mwenzake. Mwenzake akaja akaeleza: “Alikuja mwanamume amevaa koti jeusi. Alikuwa anakuja kila basi likiingia, anauliza kama kuna mzigo wa jina lake. Siku hiyo ulikuwepo. Hatukuwa hata tumeshapiga simu. Alinipa kitambulisho, nikatazama sura, nikaona ndiye. Nikamuuliza jina, akasema, mimi ndiye. Hata mzee mmoja aliyepita alimsalimia kwa jina hilohilo. Ningejuaje?”

Asingejua. Na shemeji hakudanganya kwa desturi ya ukoo. Yeye ndiye.

Nilitoka hapo moja kwa moja mpaka kwake, nyuma ya soko. Ilikuwa saa tisa mchana. Alikuwa uani, amevaa lile koti kwenye jua, anapasua kuni. Seti ya nyundo ilikuwa chini kwenye gunia, chekeche limeegemezwa ukutani. Hakuwa hata amevificha.

“Shemeji, nimefuata vipuri vyangu,” nilimwambia.

“Vipuri vya nani? Soma jina kwenye boksi.”

“Jina ni la mume wangu.”

“Mimi ndiye mume wako sasa, kwa jina. Nikitaka hata usiku nakuja.” Akacheka. Mkewe, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani.

Niliinama nikashika gunia. Alinipiga kwa kipini cha shoka kwenye mkono. Mfupa ulivunjika juu kidogo ya kiwiko cha kushoto, niliusikia kabla ya kuhisi. Sikuachia gunia, nilikuwa nimelishika kwa mkono wa kulia. Akanipiga mgongoni, nikaanguka juu ya nyundo. Alinishika kitambaa cha msiba kikatoka na nywele. Nikamng'ata kwenye paja kupitia suruali, nikang'ata mpaka nikaonja chumvi, naye akanipiga ngumi ya sikio. Hilo sikio sasa linasikia kama lina nyuki.

Kisha aliniacha. Alilichukua chekeche akalilaza juu ya gogo, akalipasua kwa shoka mara tatu. Akabeba nyundo kwa mikono miwili, akazitia kwenye shimo la choo, moja baada ya nyingine. Niliposikia zinavyoanguka nilijua shimo ni refu.

“Haya,” alisema akihema. “Kasage.”

Majirani walinipeleka polisi, nikapewa PF3, ile fomu ya kutibiwa majeruhi, ndipo hospitali wakanifunga mkono. Kesho yake alikuja mzee wa ukoo kitandani kwangu. Alisema jambo hili ni la nyumbani, arobaini ni baada ya siku sita, nisiende mbele na kesi mpaka kikao kikae. Nilimkubalia. Sijui kama nilifanya vema.

Siku zilizofuata ndizo ninazozikumbuka kuliko hata kipigo. Malalamiko ya oda ya tatu yalikuwa bado wazi. Soko lilikuwa limemtaka muuzaji athibitishe kwamba aliyepokea ni mnunuzi. Dada wakala alikuwa na jambo jingine mkononi. Alikuwa na picha ya cheti cha kifo cha mume wangu, aliyokuwa amenisaidia kuituma nilipodai bima ya mazishi.

“Tukituma hiki,” alisema, “wameisha. Marehemu hawezi kusaini. Fedha inarudi kesho. Yupo fundi pale gereji, anakata nyundo kutoka springi ya lori na chekeche anatoboa kwa siku mbili. Arobaini inakukuta unasaga.”

“Lakini mzigo ulifika.”

“Hukuupata wewe.”

“Ulichukuliwa na mtu wa nyumbani kwangu, kwa jina nililoliacha mimi mwenyewe. Muuzaji amekosa nini?”

“Dada yangu, muuzaji yupo Dar es Salaam. Hakujui. Wewe unavunjwa mkono hapa unamwonea huruma mtu wa Dar?”

Sikumwonea huruma. Nilikuwa naona mdomo wa yule karani. Nilikuwa nimeshamwita mtu mwizi mara moja kwa mzigo huu, na meno yake hayarudi. Sikuweza kumwita wa pili.

Nilimwomba anishikie simu, nikaandika mwenyewe kwa kidole kimoja: “Mzigo ulifika Sumbawanga. Ulichukuliwa na ndugu yangu. Muuzaji hana kosa. Naondoa malalamiko.” Simu iliniuliza kama nina uhakika, kwamba nikiondoa siwezi kufungua tena kwa oda hii. Nikabonyeza ndiyo. Dada wakala alinyanyuka akaenda kuhudumia mteja.

Siku ya arobaini walikuja watu wengi. Padre alisoma misa, watu wakala chakula, kisha ukoo ukakaa uani kama ule wakati wa kwanza. Shemeji alikaa mbele, amevaa koti. Alikuwa anachechemea.

Mzee wa ukoo aliniambia niwashe kinu.

“Hakiwaki, baba,” nilisema. “Mikanda mipya ipo, beringi zipo. Chekeche na nyundo havipo.”

“Viko wapi?”

Nikaeleza yote. Nilieleza kikapu na oda tatu, na jinsi kila moja ilivyokwenda. Nilieleza karani na meno yake, nikasema kosa lile ni langu. Nikaeleza daftari, saini, shoka na choo. Nilisema pia kwamba nilimng'ata.

“Mwongo huyu,” alisema shemeji. “Amezoea kuwasingizia watu. Si ndiye aliyempigisha yule kijana wa stendi?”

“Ndiyo, ni mimi,” nilisema. “Ndiyo maana leo nimeleta daftari.” Nikampa mzee simu, ile picha.

Mzee alisoma taratibu. Alipofika kwenye saini alimwita mama mkwe wangu, mama yao wote wawili, ambaye hajui kusoma, akamwonesha na kumweleza. Bibi yule alimkazia macho mwanawe. Kisha akasema kwa Kifipa maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama, “Umemtoa mwanangu kaburini akakuibie.”

Akachukua kigoda alichokuwa amekalia akampiga nacho usoni.

Baada ya hapo hakuna aliyengoja. Ndugu zake wanne walimwangusha. Walimvua koti kwa kulichana, mkono mmoja ukabaki kwake na mwingine kwao. Walimpiga kwa fimbo na kwa magongo ya kupondea mahindi. Taya lilitoka mahali pake, mdomo ukakaa wazi kama wa mtu anayetaka kuimba. Mkewe alikuwa anapiga kelele langoni. Watoto waliokuwa wamemwamkia asubuhi kwa jina la marehemu walikuwa wamepanda ukuta, wanatazama. Mimi nilikuwa nimekaa chini, mkono wangu kwenye bendeji, na sitasema kwamba niliwaombea wamwache. Sikuwaomba.

Walipochoka, mzee wa ukoo alisema atolewe apelekwe hospitali, na kwamba jina limevuliwa, halitavaliwa na mtu. Watu wakanawa mikono. Wakakaa tena. Nilidhani yameisha.

“Sasa kinu,” alisema mzee.

Mmoja wa wale ndugu, ambaye fimbo yake bado ilikuwa na damu, alisema: “Si tumeona aliyeharibu ni nani? Kinu kiachwe kwa mjane.”

“Nilisema nini siku ile?” mzee aliuliza. “Nilisema kikiwa kinasaga. Sikusema kisiposaga kwa kosa la nani.” Akanigeukia. “Mwanangu, nikibadili neno langu kwako, kesho nitalibadili kwa nani mwingine? Kinasaga au hakisagi?”

Wote walinitazama. Ningeweza kuomba siku tatu. Wengine walikuwa wananikonyeza niombe.

“Hakisagi,” nilisema.

Mtu wa Laela alikuja Jumatatu na lori. Wapakiaji walifungua kinu kutoka kwenye sakafu kwa spana, na mahali kilipokuwa pakabaki bolti nne na doa ambalo sikuwahi kufanikiwa kulisugua likatoka. Nilimpa mikanda na beringi, maana viliuzwa pamoja na kinu. Alinihesabia fungu langu ambalo ukoo uliniwekea, nikalipokea. Nikalipeleka lote kwa karani wa stendi, kwa ajili ya meno.

Lakini kabla lori halijaondoka, yule mtu wa Laela aliniuliza nyundo na chekeche la kinu hiki anaweza kuvipata wapi, kwa sababu Laela hakuna. Nilichukua simu ya mume wangu nikamfungulia zile oda tatu. Nikamwonesha ya tatu.

“Agiza kwa huyu,” nilimwambia. “Weka jina lako mwenyewe.”

“Anatuma kweli? Nasikia hawa wa mtandaoni ni matapeli.”

“Anatuma.”

“Mbona wewe huna hizo nyundo?”

“Zilifika,” nilimwambia.

Aliandika jina la duka lile kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, akapanda mbele, na lori likashuka kuelekea barabara ya Tunduma.